Kukopa ili ulipe mkopo: njia nne za kutoka, kwa hesabu ya mwaloni Kibirizi

Wifi yangu anauza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Jioni moja mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi imelala mchangani, alinipa simu yake nimsomee meseji. Zilikuwa kumi na moja, zote za marejesho. Nikamuuliza anadaiwa kiasi gani kwa jumla. Akanyamaza, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia njiani. "Wifi, mimi najua tu ya kesho ni elfu sabini."

Hapo ndipo watu wengi walipo. Anajua rejesho la kesho na anajua aplikesheni itakayompa pesa ya kulilipa, lakini jumla haijui. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia za kutoka, tuliandika kila kitu kwenye daftari la mtoto:

Mkopo wa laini ya simu: alipokea 150,000, anatakiwa kurudisha 165,000 baada ya siku 30.
Aplikesheni ya kwanza: alipokea 75,000, anarudisha 100,000 baada ya siku 14.
Ya pili: alipokea 52,000, anarudisha 70,000 baada ya siku 7.
Ya tatu: alipokea 42,000, anarudisha 60,000 baada ya siku 7.

Aplikesheni zinakata ada kabla hazijatuma pesa. Kwenye kioo inaandikwa "mkopo wako 60,000", inayoingia ni 42,000. Jumatatu unalipa 60,000, unakopa hapo hapo, inaingia 42,000 tena. Ukitazama vizuri, hukulipa deni. Umetoa 18,000 mfukoni ili deni lile lile likae wiki nyingine.

Tukajumlisha ada za mwezi mmoja. Ya tatu 18,000 mara nne, ya pili vivyo hivyo, ya kwanza 25,000 mara mbili, laini 15,000. Jumla 209,000, kwa pesa ya 319,000 iliyowahi kufika mkononi mwake. Faida yake mwaloni, baada ya chakula, nauli na kodi ya meza, ni kama 9,000 kwa siku wakati wa giza, na 2,000 tu mwezi unapong'aa, kwa kuwa dagaa huvutwa kwa taa na taa haishindani na mbalamwezi. Siku 20 za giza na 10 za mwangaza zinampa 200,000. Anazalisha 200,000, ada zinataka 209,000. Zile 9,000 zilizopungua ndizo zilizomfungulia aplikesheni ya tatu, na zingemfungulia ya nne.

Mitaani mikopo hii inaitwa kausha damu. Jina limekaa, ila linawafanya watu waone kama ni uchawi, wakati ni hesabu ya darasa la tano. Kinachokausha ni urefu wa siku. Mwezi wa mbinguni unachukua siku 29 na nusu kuzunguka, rejesho linazunguka kwa siku saba, kwa hiyo kila mzunguko lazima rejesho moja au mawili yakukute mitumbwi imelala.

Tupime kwa vigezo vipi

Kila njia nitaiuliza maswali manne yale yale. Inataka uwe na nini ili ianze? Itakugharimu kiasi gani mpaka mwisho? Mwezi mkali ukikukuta katikati, inasimama au inaanguka? Na nani atajua? Hili la mwisho washauri wengi wa fedha hulipuuza, lakini kwa mtu anayeishi Ujiji au Mwanga, ambako kila mtu ni jirani ya shangazi yake, ndilo linaloamua.

Njia ya kwanza: kuua deni moja moja kwa kipato chako

*Inataka nini.* Ziada, yaani kinachobaki baada ya chakula na matumizi ya lazima, iwe inazidi ada, basi. Wanaoijua njia hii hubishana uanze na lipi: dogo kuliko yote ili upate moyo, au lenye riba kali ili uokoe pesa. Kwa mikopo ya aplikesheni ubishi huo mara nyingi hauna kazi, kwa sababu deni dogo ndilo lenye siku chache, na lenye siku chache ndilo ghali. Ya tatu ya wifi ni 18,000 kwa kila 42,000 kila wiki. Mkopo wa laini ni shilingi kumi kwa mia kwa mwezi mzima. Anza na ya siku saba, laini iache mwisho.

*Inagharimu nini.* Hapa lazima upige hesabu kabla ya kujipa matumaini. Wiki ya giza wifi anapata 63,000. Ada za aplikesheni tatu kwa wiki ni 48,500. Zinabaki 14,500. Wiki tatu za giza ni 43,500, ukitoa 15,000 ya laini zinabaki 28,500, na ili asikope tena ile ya tatu anahitaji 42,000. Hafiki. Wiki ya nne mwezi unatoka, anapata 14,000 na ada ni zile zile 48,500. Kila alichokusanya kinaondoka, na kingine juu yake.

*Mwezi mkali.* Ndio unaoiua njia hii, kama ulivyoona. Ikiwa ada zako za mwezi hazizidi theluthi moja ya ziada yako, inasimama. Zikizidi nusu, usiianze bila msukumo wa pembeni.

*Nani atajua.* Hakuna. Hiyo ndiyo raha yake.

Njia ya pili: kuuza kitu ukate madeni ya siku saba kwa mpigo

*Inataka nini.* Kitu kinachouzika ambacho hakikuingizii pesa. Nasisitiza hilo la pili. Nimeona mtu akiuza chanja za kuanikia na beseni zake, akalipa aplikesheni mbili vizuri kabisa, wiki iliyofuata hana pa kuanika. Akakopa tena ili anunue chanja. Mtaji si wa kuuza. Kuuza gunia la dagaa wakavu ulilokuwa unalisubirisha bei inaruhusiwa, hata kama bei inauma, kwa sababu hakuna bei ya dagaa inayopanda asilimia arobaini kwa wiki, na deni la siku saba la wifi linapanda hivyo.

*Inagharimu nini.* Gharama ni hasara ya kuuza kwa haraka. Wifi alikuwa na vitenge sandukuni, vile vizuri vya kutoka ng'ambo ya ziwa, alivyokuwa akivitunza kwa ajili ya harusi. Vilimgharimu zaidi, ila kwa kuuza upesi alipata 120,000. Hesabu yake ikawa hivi: 60,000 ikamaliza ya tatu, 60,000 nyingine na 10,000 za mfukoni zikamaliza ya pili. Ada za wiki zikashuka kutoka 48,500 hadi 12,500. Ghafla njia ya kwanza, iliyokuwa haiwezekani, ikawezekana: ada za mwezi mzima, laini ikiwemo, sasa ni 65,000 badala ya 209,000. Kwenye 200,000 zinabaki kama 135,000 za kukata mtaji wa deni wenyewe, na kwa mwendo huo yaliyobaki yanakwisha ndani ya miezi miwili.

*Mwezi mkali.* Inasimama vizuri ukiuza mwanzoni mwa giza, kwa kuwa una wiki karibu tatu za kujijenga. Ukiuza mwezi ukiwa mpevu, pesa itakwenda jikoni.

*Nani atajua.* Aliyenunua, na atakayekuona harusini na kitenge cha zamani.

Shida yake ni moja, na huonekana ndani ya saa moja. Ukimaliza deni, aplikesheni inakutumia meseji: hongera, kiwango chako kimepanda, sasa unaweza kupata 90,000. Wifi aliipata akiwa bado ameshika simu. Siku hiyo hiyo omba akaunti yako ifungwe, kisha ndipo ufute aplikesheni. Kufuta peke yake hakufungi kitu. Na ukifuta ukiwa bado unadaiwa, deni linabaki palepale na meseji zitaendelea kuja.

Njia ya tatu: kuhamishia madeni kwenye kikoba

*Inataka nini.* Uwe mwanachama tayari, mwenye hisa. Vikoba vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na wadhamini ni wanachama wenzako. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne, kwa hiyo kikoba kilichosajiliwa kina katiba na daftari, si mapatano ya mdomo. Angalia kalenda ya kikundi: vikoba vingi huvunja na kugawana mwisho wa mwaka, na miezi ya mwisho havitoi mikopo. SACCOS, ambayo ni daraja la tatu, inafanya kazi hiyo hiyo kwa utaratibu mrefu zaidi.

*Inagharimu nini.* Chukua kikoba chenye riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Kosa la kawaida ni kukopa jumla yote, 395,000, ili "kuanza upya". Usihamishe mkopo wa laini. Wenyewe ni wa siku 30 na ada yake haiko mbali na ya kikoba, kwa hiyo ukiuhamisha unaongeza mzigo bila kuokoa kitu cha maana. Hamisha aplikesheni tatu tu: 100,000, 70,000 na 60,000, yaani 230,000. Kwa miezi mitatu riba ni 34,500. Jumla 264,500, kama 88,200 kwa mwezi. Linganisha na 194,000 alizokuwa akizilipa aplikesheni hizo kwa mwezi bila mwisho. Hata kikoba kikitoza asilimia 10, unalipa 299,000 kwa miezi mitatu na unamaliza.

*Mwezi mkali.* Hapa kikoba kinashinda zote, kwa sababu wenye kikoba ni watu wa mwaloni. Unaweza kuomba rejesho liangukie wiki ya pili ya giza na mwenyekiti akakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kikundi kingeweza kukaa kikao na kusogeza marejesho. Aplikesheni haina kikao.

*Nani atajua.* Wote. Hilo ndilo lililomtoa wifi. "Nikaseme mbele ya wale kwamba nimekopa sehemu tatu?" Binafsi ningekuwa mimi, ningeenda kikobani. Lakini sikumsukuma, kwa sababu aibu ya kikoba si mchezo: ukishindwa, wanaolipa ni wadhamini wako, hisa zako zinakatwa, na kesho unakutana nao kisimani. Basi mtu asiende huko akiwa bado anafikiri kukopa tena kwenye simu. Atakuwa na madeni manne badala ya matatu, na moja la watu anaowaamkia kila siku.

Kama katiba inataka mkopo wa biashara tu, usidanganye. Sema unalipia madeni yanayokula mtaji. Vikundi vingi vina mtu aliyepita huko huko.

Njia ya nne: kusimama na kujadiliana na mkopeshaji

Njia hii inatisha, na ndiyo isiyoeleweka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Inataka nini.* Haitaki pesa mkononi. Inataka uache kukopa tena, leo, na uwaandikie kila mmoja. Usipige simu, andika, kwenye barua pepe au sehemu ya ujumbe ndani ya aplikesheni. Barua tuliyomwandalia wifi kama akiba ilikuwa hivi:

"Nilipokea 52,000 kwenu na nimelipa ada ya kuurudia mkopo huu mara sita. Sitakopa tena. Naomba kulipa 70,000 kwa awamu nne za 17,500 kila Jumatatu, na faini isimame kwa muda huo. Naomba jibu kwa maandishi."

Tazama hiyo 17,500. Ni ndogo kuliko 18,000 aliyokuwa akiitoa kila wiki ili mkopo ule ule uendelee. Kwa pesa pungufu kidogo ya ile ile, wiki nne na deni limekwisha.

*Inagharimu nini.* Inategemea uko na nani. Fungua orodha ya wakopeshaji wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu, www.bot.go.tz. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza pia majina ya aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mwenye leseni ana utaratibu wa malalamiko, na ukiona hasikii unapanda hadi Benki Kuu. Anaweza pia kupeleka jina lako kwenye kumbukumbu za wakopaji, na hilo litakukuta siku ukienda benki. Asiye na leseni hana pa kukupeleka kirahisi, ila ndiye mwenye kelele zaidi. Faini za kila siku zinaweza kupanda wakati mnavutana, kwa hiyo endelea kulipa awamu uliyoitaja hata kama hawajajibu, kwa namba ya malipo iliyo ndani ya aplikesheni, kamwe si kwa namba binafsi ya anayekupigia. Hifadhi kila meseji ya muamala.

Kwa mkopo wa laini njia hii haifanyi kazi vizuri. Ukipitisha siku, pesa inayoingia kwenye simu yako inaweza kukatwa yenyewe. Mteja wa Kasulu anakutumia ya mzigo, unakuta imemezwa. Ndiyo maana laini ulipie kwa wakati, hata kama zingine umezisimamisha.

*Mwezi mkali.* Inasimama ukiwa umeomba awamu ndogo. Watu huharibu kwa kuahidi kubwa ili mpigaji simu anyamaze, kisha wanashindwa awamu ya kwanza. Ahidi kile unachoweza kukitoa kwenye wiki mbaya.

*Nani atajua.* Pengine kila aliye kwenye simu yako. Ulipoipakua aplikesheni iliomba ruhusa ya kuona majina, ukabonyeza ndiyo. Kuondoa ruhusa hiyo sasa kunazuia majina mapya, yale ya zamani yameshachukuliwa. Kinga inayofanya kazi ni kuwahi: wapigie watu watano wanaokuhusu, mama, mume, bosi, mchungaji au shehe, mwambie kila mmoja kwa maneno yako kwamba atatumiwa meseji. Meseji ya "huyu ni tapeli" ikimfika mtu anayejua tayari, inakufa pale pale.

Matusi na vitisho vikija, piga picha kioo, usijibu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake inayopokea malalamiko, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumsumbua mtu kwa mtandao. Kudaiwa hakumpi mtu haki ya kutuma picha yako kwa wateja wako. Lakini pia sheria hizo hazifuti deni. Malalamiko yanahusu alivyokudai, si kiasi anachokudai.

Sasa wewe uko wapi?

Jumlisha ada za mwezi mmoja kwanza, si madeni. Kama ni chini ya theluthi ya ziada yako na una mkopo mmoja au miwili, ua moja moja kimya kimya, ukianza na wa siku saba.

Ada zikiwa zimeifikia ziada yako, na kuna kitu sandukuni au stoo kisichozalisha, kiuze siku ya kwanza ya giza na pesa yote iende kwenye madeni ya siku saba. Usiigawe kidogo kidogo kwa kila mmoja, kwa sababu deni lililopunguzwa nusu na kukopwa upya linadai ada tena.

Una hisa kikobani na kikundi hakijakaribia kuvunja: hamishia aplikesheni huko, laini iache, na siku ya kupokea mkopo nenda na mtu mtakayelipa naye aplikesheni zote kabla ya kurudi nyumbani. Kama unajijua mkono wako bado unaifuata simu, subiri.

Huna hisa wala cha kuuza, na ada zimeshazidi ziada: andika zile barua. Pigia watu wako watano kwanza, ndipo utume.

Wenye mshahara, walimu na manesi, hesabu yenu haina mwezi wa mbinguni ila ina tarehe ya mshahara, na SACCOS ya kazini mara nyingi ni nafuu kuliko njia zote hizi. Kwa kijana wa bodaboda Mwanga, anayepata kila siku kiasi kile kile, awamu za kila siku kwa njia ya nne zinamfaa kuliko za wiki.

Wifi, baada ya vitenge, alibaki na aplikesheni moja na laini. Ile moja aliimaliza giza lililofuata. Ya laini alisema ataibakiza kidogo "kwa dharura", tukabishana mpaka chai ikapoa, na mpaka leo bado anayo.